CRM ina namba za simu tu, Mailchimp ina imeili tu, nawaunganishaje wateja hawa?

Sola_Ziwa

Wakuu habari za humu. Naombeni msaada maana bosi kanikalia kooni.

Tunauza vifaa vya sola kanda ya ziwa, duka kubwa liko Mwanza na tuna mawakala wanazunguka vijijini. Wateja wetu wako sehemu mbili. Kwenye CRM (tunatumia Zoho) wameingizwa na mawakala, yani jina, namba ya simu, anapokaa na alichonunua, kolamu ya imeili ipo ila karibu yote tupu, wakala anauliza simu basi, nani atamuuliza mzee wa Kisesa imeili. Hao wako kama elfu 11. Halafu kuna Mailchimp, huko wako 4,200 waliojiandikisha kwenye websaiti na fomu za Facebook, tuna imeili na jina la kwanza, baadhi wana na la mwisho, simu hakuna.

Anachotaka bosi ni kwamba mtu ambaye keshanunua paneli asitumiwe tena tangazo la paneli, atumiwe la betri au sevisi. Na baadaye anataka wanaodaiwa mkopo wakumbushwe kwa imeili. Sasa ntajuaje huyu wa huku ndo yule wa kule na hakuna kinachofanana zaidi ya jina? Na majina yenyewe ni vurugu tupu. Naomba kuwasilisha.

mchumi_tumbo

Mbona rahisi mkuu, Zoho na Mailchimp zinaunganika, ingia kwenye setingi washa ile intagresheni zitajisinki zenyewe unakunywa chai

Sola_Ziwa

Zinajisinki kwa imeili mkuu na CRM yangu haina imeili. Nikiwasha hiyo ntaletewa watu 4,200 wapya kwenye CRM, wengi wao wateja wale wale ambao tayari nnao, ntakuwa nimeongeza tatizo.

Binti_Mabatini

Tumia Power Query kwenye Excel, ukifanya Merge kuna kibox cha fuzzy matching, unakitiki inalinganisha majina yanayokaribiana hata kama spelingi zimepishana. Kiwango cha kufanana chenyewe kimewekwa 0.8 unaweza kupandisha au kushusha. Mi niliwahi kuunganisha orodha ya wanafunzi ya mwalimu wa darasa na ya mhasibu wa shule, ilinitoa vizuri tu, wachache nikamalizia kwa mkono.

Fundi_Taarifa

Binti hiyo njia ipo na inafanya kazi, ila kwako ilikubali kwa sababu ulijua wanafunzi wa orodha zote mbili ni walewale. Kila jina la mwalimu lilikuwa na mwenzake kwa mhasibu, kwa hiyo anayefanana zaidi ndiye. Kwa huyu jamaa sivyo, huenda zaidi ya nusu ya watu wa Mailchimp hawajawahi kununua chochote, walikuja kuangalia bei wakasepa. Ukiiambia kompyuta imtafutie kila mmoja anayefanana naye kwenye watu elfu 11 itampata tu, hata kama huyo mtu hayupo.

Chukua jina moja, Neema. Tuseme kwenye CRM kila watu mia mmoja ni Neema, hao ni 110. Mailchimp kwa kiwango hichohicho wako 42. Ukioanisha kwa jina la kwanza unapata jozi 4,620 za Neema kwa Neema, na hapo jozi za kweli haziwezi kuzidi 42 hata mambo yakikaa vizuri vipi. Zote zitakuja na alama ya juu kabisa, 1.0, maana herufi ni zilezile. Sasa akitokea mtu anaitwa Ndalahwa huku na kule, hapo kufanana kwa jina kuna maana maana hawako wengi. Ila fuzzy ya Excel haijui hilo, kwake Neema kwa Neema na Ndalahwa kwa Ndalahwa ni alama sawa.

Kwa hiyo mkuu usianze na majina. Kabla ya yote tafuta kama kuna sehemu yoyote kwenye biashara yenu ambapo mteja aliwahi kuandika imeili NA simu kwa pamoja. Oda za websaiti, fomu ya waranti, maombi ya mkopo, hata inboksi ya malalamiko. Hilo ndo daraja lako. Halafu tuwekee mistari michache tuione ilivyo, ficha namba za watu.

Sola_Ziwa

Asante sana mkuu. Websaiti ni WooCommerce, wanaonunua pale si wengi ila wapo na lazima waweke imeili na simu. Na fomu ya waranti ni ya Google Forms, inauliza vyote viwili. Sikuwahi kufikiria hizo kabisa, nilikuwa naangalia hizi mbili tu.

Mistari hii hapa, faili la CRM nimelikuta limeshatolewa CSV liko kwenye drive ya ofisi:

```
CRM        MAMA UPENDO KISESA     255754000000   paneli 200W
CRM        Upendo D. Masanja      0754xxx218     pampu, Nyegezi
CRM        khamis juma            255754000000   betri
CRM        Hamisi J / mdogo wake  0688xxx041/0754xxx377   paneli
Mailchimp  Upendo                 upendomas...@...
Mailchimp  Hamisi Juma            hj...@...
```

Fundi_Taarifa

Simama hapo hapo. Zile zinazoishia 000000 ni wewe umezificha au ndivyo zilivyo kwenye faili?

Sola_Ziwa

Ndivyo zilivyo, nilizoficha nimeweka x. Ziko nyingi tu nikadhani labda wakala aliweka kujaza nafasi.

Fundi_Taarifa

Hapana, wakala hana kosa hapo. Namba ikianza na 255 ina tarakimu 12, na Excel ikikuta tarakimu 12 kwenye seli ya kawaida inaionyesha 2.55754E+11. Mtu akisevu CSV katika hali hiyo, kinachosevika ni hicho kinachoonekana, tarakimu sita za mwisho zimeenda na hazirudi. Ukifungua tena unaona 255754 halafu sifuri sita. Ukioanisha kwa hilo faili, watu kibao wa 0754 wanakuwa mtu mmoja, Mama Upendo na Khamis hapo juu tayari wana "simu moja". Litupe. Toa upya kutoka Zoho, na ukiliingiza Excel usibonyeze faili mara mbili, pitia Data halafu From Text/CSV uiambie kolamu ya simu ni Text.

Ukishapata faili zima weka kolamu ya simu iliyosafishwa, tarakimu tisa za mwisho tu, ili 0754, 255754 na +255 754 zote ziwe kitu kimoja:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),"-",""),CHAR(160),""),9)
```

Hiyo CHAR(160) ni nafasi isiyoonekana ambayo inakuja ukikopi kutoka kwenye ukurasa wa wavuti, unaiona kama spesi ya kawaida ila haifutiki kama spesi ya kawaida. Seli zenye namba mbili kama ya Hamisi zitenganishe kwanza ziwe mistari miwili yenye ID moja ya CRM, la sivyo hiyo fomula inachukua ya mwisho na ya kwanza inapotea kimya kimya.

Kamau_wa_Nakuru

Mimi niko na shida kama hii huku Kenya, sisi ni agrovet. Nilikuwa natumia M-Pesa kama hilo daraja mnasema, mteja akilipa till napata jina na namba, naenda kuitafuta kwa CRM. Lakini siku hizi namba kwa Daraja, ile API ya Safaricom, inakuja imefichwa, napata tu jina la kwanza. Hapo sasa ntafanyaje? Na wateja wengi wanalipiwa na bibi ama kijana wa shamba, jina la mwenye kulipa si la mwenye kununua.

Fundi_Taarifa

Kamau hiyo ya mwisho ndo inayoua, hata namba ingekuja nzima bado aliyelipa si lazima awe mteja. Malipo usiyafanye daraja, yafanye ushahidi wa kuongezea tu: kiasi kikilingana na invoisi, siku ileile, na jina likakubali, basi. Ila pale kaunta anayeuza si anaandika risiti? Muulize namba ya mteja hapohapo aiingize, ni swali moja tu na unamaliza kazi.

Kamau_wa_Nakuru

Wale wa kaunta wakiwa na laini ndefu wanaandika 0700000000 kwa kila mtu. Nimeona na macho.

Zainab_Mlandege

Mie nakaa Unguja nataka kusema kuhusu majina maana hapo mtaumia. Kompyuta inalinganisha herufi tu. Asha na Aisha herufi moja tu, itasema karibu sawa, na hao kwetu mara nyingi ni watu wawili, naweza kukuonyesha nyumba moja ina Asha na Aisha. Khamis na Hamisi ni herufi mbili, itasema wako mbali zaidi, kumbe ni jina hilohilo mmoja kaandika wa visiwani mwengine wa bara. Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohamedi ndo usiseme. Said na Saidi. Abdalla na Abdallah. Kwa hivyo kushusha ile 0.8 ya dada hapo juu hakukusaidii, ukishusha ili umpate Khamis unawakusanya kina Asha wote.

Nilipokuwa nafanya kazi hotelini tulitengeneza orodha yetu wenyewe, kolamu mbili, kila namna ya kuandika na jina moja tulilolichagua. Ukibadilisha kwanza ndo ukalinganisha, mambo yanakuwa mengine. Orodha haikuwa ndefu, majina yanayojirudia si mengi kama mtu anavyofikiri.

Na jengine, "Mama Upendo" si Upendo jamani. Huyo ni mamake.

Fundi_Taarifa

Zainab umenena, hilo la Mama Upendo ndo mtego mkubwa kuliko wote kwenye hiyo sampuli na hakuna programu ya nje itakayolijua. Mkuu Sola, kila rekodi yenye Mama, Baba, Mzee, Mwl, Fundi mbele, au "mdogo wake" nyuma, itoe kwenye kolamu ya jina uipeleke kolamu ya pembeni. Hao usiwaoanishe kwa jina kabisa, ni kwa simu au basi. Upendo wa Mailchimp akigongana na Mama Upendo wa Kisesa, programu itakupa alama nzuri tu, na mwenye pampu Nyegezi ndiye uliyekuwa unamtafuta. Tena huyo wa Nyegezi imeili yake ina "mas" ndani, Masanja, huo ni ushahidi mwengine. Vunja ile sehemu ya kabla ya @ uone kama jina la pili limejificha humo, wengi wanaandika jina la kwanza tu kwenye fomu ila imeili ina yote mawili.

Binti_Mabatini

Kwa hiyo hata mimi sikukosea sana, fuzzy inatumika ila baada ya kusafisha 😂

Fundi_Taarifa

Haswa, inatumika mwishoni kwa waliobaki, na kwa majina mawili au zaidi tu. Jina moja peke yake usiguse.

Sola_Ziwa

Wakuu nimerudi na majibu. Nimetoa CRM upya, sifuri sita zimeisha. Oda za websaiti na fomu za waranti nimeziweka pamoja nikapata mistari 1,900 yenye imeili na simu. Imeili 1,240 kati ya hizo zipo Mailchimp. Nikapeleka simu zao CRM, 870 zikakubali. Hao 370 waliobaki nadhani wamenunua mtandaoni tu hawajawahi kupita kwa wakala.

Ila kuna kitu sikielewi, imeili moja imekubali wateja 23 tofauti, simu tofauti, vijiji tofauti. Nyingine 9, nyingine 6.

mchumi_tumbo

Hiyo ni steshenari mkuu 😂😂 mtu hana imeili anaenda pale stendi anajaziwa fomu ya waranti, yule dada anaweka imeili yake mwenyewe ili fomu ikubali kwenda. Mi mwenyewe nina ya kwangu steshenari nawajazia watu, ningekuwa nalipwa kwa kila fomu

Fundi_Taarifa

Leo umepatia. Mkuu, imeili yoyote yenye simu zaidi ya mbili ing'oe kwenye daraja. Zenye mbili ziangalie kwa macho, mara nyingi ni mtu mwenye laini mbili au mke na mume. Zingine ni shule na vikundi, hao ni wateja halali ila usimwandikie mwalimu mkuu kana kwamba paneli ni yake.

Sasa hao 870 ukitoa wa steshenari wana kazi ya pili. Hao unajua ukweli wao kwa simu. Funika kolamu ya simu, waoanishe kwa majina kama vile huna simu, uone njia yako ya majina inapatia wangapi na inakosea wangapi. Usisogeze ile 0.8 kwa kubahatisha, isogeze ukiangalia hapo.

Zainab_Mlandege

Lakini fundi, hao wa websaiti si wanaandika majina yao wenyewe, vizuri, mawili matatu? Wale wa wakala kaandikiwa mtu akiwa juu ya bodaboda. Jaribio litakuja zuri halafu kwa wale wengine likaanguka.

Fundi_Taarifa

Kweli kabisa. Hilo jaribio litakupa picha nzuri kuliko hali halisi, lichukulie kama dari, halitapanda zaidi ya hapo. Dawa yake ni kuchukua jozi kama hamsini za majina kutoka kwa waliobaki, zile ambazo programu inasema ndiyo, uwapigie hao watu simu. "Samahani, hii imeili ni yako?" Hakuna ujanja mwingine ninaoujua.

Nikitoka hapo nirudi kwa bosi wako, maana ametaka vitu viwili ambavyo si sawa hata kidogo. Kumwondoa mtu kwenye tangazo la paneli, ukikosea hasara yake nini, kuna mtu mmoja hajapata tangazo. Hapo unaweza kukubali jozi za majina zenye wasiwasi kidogo. Kumkumbusha deni, ukikosea umemtumia Upendo wa Nyegezi deni la mamake mtu Kisesa, na jina na kiasi. Hiyo isifanyike kwa jina kabisa, ni waliopita kwenye daraja la simu tu na wengine mpigie simu kama mnavyofanya siku zote, namba si mnazo.

Mwanasheria_Kijiweni

Naingilia kidogo. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ya 2019. Aliyetoa imeili ili apate matangazo hakutoa ili adaiwe deni. Na mtu aliyejitoa Mailchimp, ukimkuta CRM bado amejitoa. Mi ningewaambia msiunganishe chochote bila kuwauliza.

Fundi_Taarifa

La aliyejitoa nakubali asilimia mia, na faili la waliojitoa Mailchimp huja peke yake ukitoa orodha kwa hiyo ni rahisi kulisahau, liweke kwenye hesabu kuanzia mwanzo. La kutounganisha chochote sikubali, ni mteja yuleyule wa duka lilelile.

Mwanasheria_Kijiweni

Duka lilelile, sababu tofauti. Tutabishana mpaka asubuhi.

Binti_Mabatini

Sasa si muwaulize tu? Mailchimp ina ile `*|UPDATE_PROFILE|*`, ukiiweka kwenye imeili inakuwa linki, mtu akibonyeza anajaza taarifa zake. Ongeza kolamu ya PHONE kwenye fomu, andika "weka namba uliyonunulia tukuongezee muda wa sevisi". Wanajaza wenyewe simu, ruhusa unapata hapohapo, na mwanasheria analala.

Kamau_wa_Nakuru

Nilijaribu hiyo. Watu hawajazi. Wachache sana, na wengine wanaweka namba ingine si ile iko kwa CRM.

Binti_Mabatini

Uliwapa nini? Ukiomba tu bila kitu nani atajaza

Kamau_wa_Nakuru

Sikuwapa kitu 😅

Sola_Ziwa

Ya Binti naipeleka kwa bosi, sevisi ya bure tunaweza. Swali, nikishajua huyu ndo yule naandika wapi? Naweka imeili kwenye CRM au?

Fundi_Taarifa

Kwanza kwenye jedwali la pembeni, usikimbilie kuandika ndani ya CRM. Kolamu tano zinatosha: ID ya Zoho, imeili, njia iliyotumika (websaiti, waranti, amejaza mwenyewe, jina), tarehe, na nani alihakiki. Ukigundua kesho kwamba fomu za waranti za wilaya fulani zote zimejazwa na steshenari moja unafuta mistari hiyo tu unarudi ulipokuwa. Ukiwa umeshaandika imeili ndani ya CRM hutajua tena ipi alitoa mteja na ipi ulibahatisha.

Kisha Mailchimp tengeneza kolamu mpya, iite `CRMID`, upandishe ID za Zoho kwa walio na uhakika tu, na wakati wa kuimpoti tiki ile ya kusasisha waliopo. Mailchimp inamtambua mtu kwa imeili, akija kujiandikisha na imeili nyingine ni mtu mpya kwake, ila ukiwa na CRMID kwenye zote mbili utaona ni yuleyule. Na mawakala kuanzia sasa waulize imeili kama ipo, isipokuwepo waache tupu, wasiweke ya kwao.

mchumi_tumbo

Wataweka ya kwao mkuu, fomu ikiwa lazima wataweka ya kwao

Fundi_Taarifa

Ndo maana isiwe lazima.

Sola_Ziwa

Nimewaelewa. Majaribio ya majina naanza nayo Jumatatu, orodha ya Zainab ya Khamis na wenzake naitengeneza wikendi hii. Zainab kama ile ya hotelini unayo bado nitashukuru.

Zainab_Mlandege

Ile ilibaki kwenye kompyuta ya hoteli. Lakini nianzishie faili uniwekee linki, ya visiwani ntakujazia mie, ya Kisukuma mtafute mwengine.